UZI: Picha ya marehemu baba imekatwa utosi na miguu. Nawezaje kuirudishia bila kumfanya kibeti?

Studio_Birere (Goma)

Wazee na vijana wa foto, salamu. Nina kistudio changu hapa Birere, kazi zangu nyingi ni pasipoti, harusi na kukuza picha za zamani. Wiki hii ameingia kijana mmoja na picha ya baba yake, karatasi ya sentimita 10 kwa 15. Mzee amesimama mbele ya nyumba, shati jeupe, suruali ya kijivu, mikono imeshuka. Aliyepiga alikuwa na haraka: juu amekata katikati ya paji la uso, chini amekata kwenye muundi, miguu haionekani. Familia inataka picha nzima ya 40 kwa 60 iwekwe ukutani siku ya kumbukumbu. Picha nyingine zote ziliteketea na nyumba mwaka 2002 lava ilipoingia mjini. Imebaki hii, na kipicha kidogo cha kwenye karti ya kazi.

Nimeiskani kwa 600 dpi. Nimefungua Photoshop, nikashika Crop, nikavuta ukingo wa chini kwa kukisia, nikachagua Generative Expand, nikabonyeza Generate bila kuandika neno. Zikatoka tatu. Ya kwanza mzee ana miguu mifupi kama mtoto wa darasa la pili. Ya pili suruali imeshuka, imeshuka, halafu viatu vimekatwa tena na ukingo mpya. Ya tatu viatu vipo ila mzee amekuwa mrefu kama mchezaji wa basketi. Nikavuta tena, nikabonyeza tena, sasa nina vipande kumi na tano na hakuna hata kimoja ninachoweza kumwonyesha mjane. Nyinyi mnafanyaje?

---

Kijana_wa_Himbi (Goma)

Kaka iyi shida miye nilikuwa nayo. WhatsApp inakataka kichwa kwa profaili, bantu banaona shingo tu. Weka picha ndani ya mraba mweupe, ongeza nafasi juu na chini, itaingia yote. Haina kazi mingi.

---

Studio_Birere

Asante mdogo wangu, lakini yangu siyo ya profaili. Kichwa na miguu havimo kabisa kwenye karatasi. Hakuna cha kuingiza.

---

Kijana_wa_Himbi

Aaa, sawa. Nilisoma mbio mbio. Niko hapa najifunza.

---

Vichwa8 (Bukavu)

Mimi nachora. Shida yako ni kwamba hujapima. Kwenye kuchora tunatumia kichwa kama kipimo: mwili wa mtu mzima ni vichwa vinane. Pima kichwa chake, zidisha mara nane, shuka kutoka utosini, hapo ndipo nyayo zinapokaa. Dakika mbili, umemaliza.

---

Mzee_wa_Skana (Bukavu, Kadutu)

Kijana wa kuchora amegusa penyewe kisha ameteleza. Kupima ni lazima, na kupima kuje kabla ya kubonyeza. Lakini vichwa vinane ni vya sanamu na vya majarida ya mitindo. Watu wanaoingia studio kwangu wako kwenye vichwa 7 hadi 7 na nusu.

Papa wa Birere, elewa kwanza kwa nini mashine inakuchezea. Ile programu haijui mzee alikuwa na urefu gani. Umeipa ukanda mtupu, kazi yake ni kuujaza ufanane na picha zilizo nyingi duniani. Ukiipa ukanda mfupi na ikaamua kuweka viatu, itakunja muundi ili viatu vitoshee. Ukiipa ukanda mrefu, itanyoosha suruali hadi chini. Na kwa kuwa picha nyingi za watu zimekatwa miguu, haioni aibu kuikata tena. Kwa hiyo urefu wa mguu unaamuliwa na wewe unapovuta ukingo. Ukivuta kwa kukisia, unapata mguu wa kukisia, hata ukibonyeza mara mia.

Nipe namba. Fungua ile skani, washa rula kwa pikseli, ukihesabu kutoka ukingo wa juu. Nataka mstari wa mboni za macho, ncha ya kidevu, na katikati ya goti. Picha nzima ina pikseli ngapi kwenda chini?

---

Studio_Birere

Picha ni 2362 kwa 3543. Mboni ziko kwenye 170. Kidevu 450. Goti ni gumu kwa sababu ya suruali, ila mguu mmoja ameulegeza kidogo na kitambaa kimevunjika mkunjo. Katikati ya mkunjo ni kama 2813.

---

Mzee_wa_Skana

Vizuri sana, mkunjo ndio goti lenyewe.

Tuanze na njia ya kichwa. Macho hukaa karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Kutoka machoni hadi kidevuni ni 280, basi kichwa kizima ni 560, na utosi uko pikseli 110 juu ya ukingo, nje ya picha. Zidisha 560 kwa 7.25, unapata mtu wa pikseli 4060, nyayo zake kwenye 3950.

Sasa njia ninayoiamini zaidi. Kuna jedwali la zamani la Drillis na Contini, la mwaka 1966, ambalo watu wa viungo bandia na wa mwendo wa mwili wanalitumia hadi leo. Linasema macho ya mtu aliyesimama yako kwenye asilimia 93.6 ya urefu wake kutoka chini, na goti kwenye asilimia 28.5. Kati ya macho na goti ni asilimia 65.1. Kwako hapo ni pikseli 2643. Gawa kwa 0.651, unapata 4060. Kutoka machoni shuka asilimia 93.6 ya hizo, yaani 3800, na nyayo zinaangukia 3970. Utosi unatoka 90 juu ya ukingo.

Njia mbili zimeachana kwa pikseli 20 tu. Kwa mtu wa mita 1 na 70 hiyo haifiki sentimita moja. Mimi ningeshika 3970.

Vichwa vinane vya mwenzetu vingekupeleka 4370. Hizo ni pikseli 400 za ziada, karibu sentimita 17 za muundi. Ndiyo yule mchezaji wako wa basketi.

---

Vichwa8

Nimekubali kuhusu nane, shikamoo mzee. Lakini kama 7.25 imeleta jibu lile lile, kwa nini useme njia ya goti ni bora? Goti lenyewe limefichwa na suruali, kidevu kinaonekana wazi.

---

Mzee_wa_Skana

Marahaba. Swali zuri, na hapa ndipo wengi wanapoumia.

Kidevu kinaonekana wazi, ndiyo, lakini kipimo chenyewe ni kifupi na unakizidisha mara nyingi. Mzee akiwa na ndevu, au ameinamisha uso kidogo, unakosea pikseli 10 kwenye kidevu. Kichwa kinakosea 20. Ukizidisha kwa 7.25 umekosea 145 kwenye urefu wote. Goti likikosewa hata 40, nyayo zinasogea chini ya 60. Kipimo kirefu kinasamehe. Fundi seremala hapimi dari kwa kiberiti.

Ila tusijidanganye, lile jedwali ni wastani. Wako watu wa miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, tunaishi nao. Kama kungekuwa na picha nyingine ya huyo mzee amesimama mzima, ningetupa jedwali na kupima picha hiyo. Nyie hamna, basi tunabaki na wastani, na mjane atatuambia.

Angalia pia fremu ya mlango nyuma yake. Pande zake mbili zikienda sambamba hadi chini, kamera ilishikwa wima na hesabu inasimama. Zikikaribiana kuelekea chini, mpigaji aliinamisha kamera, na miguu inatakiwa iwe midogo kuliko hesabu inavyosema.

---

Studio_Birere

Mlango uko sambamba. Nimevuta ukingo hadi 3970 kamili, nikabonyeza. Urefu wa muundi sasa ni wa mtu. LAKINI viatu vimetoka kama vimekanyagwa na gari, bapa, na ncha zake zimegusa ukingo wa chini. Nimekosea wapi?

---

Mzee_wa_Skana

Kosa ni langu, sikumalizia. 3970 ni mahali nyayo zinapogusa ardhi chini ya kifundo cha mguu. Ncha ya kiatu iko mbele zaidi, karibu na kamera, na kwenye picha kilicho karibu juu ya ardhi hushuka chini zaidi.

Kamera ilikuwa juu kiasi gani? Tazama mistari ya mawe kwenye ukuta unaokwenda pembeni. Mingine inapanda, mingine inashuka, mmoja uko bapa. Huo ulio bapa ndio kimo cha kamera.

---

Studio_Birere

Ulio bapa unapita kifuani kwake.

---

Mzee_wa_Skana

Kifuani, tuseme mita 1 na 30, na kwa jinsi alivyojaa kwenye picha nakisia mpigaji alisimama kama mita 3. Ncha ya kiatu inatangulia kifundo kwa karibu sentimita 19. Kwa kimo hicho na umbali huo, ncha itaonekana kama sentimita 9 chini ya mstari wa nyayo. Kwenye skani yako ni pikseli 200 na kitu. Kwa hiyo viatu vinaishia 4170 au 4180. Halafu mpe ardhi ya kukanyagia, mtu hasimami kwenye ukingo wa picha. Fika 4400. Juu ongeza 250, ili juu ya utosi kubaki hewa.

Upana wa viatu usiuache hivi hivi. Kiatu kilichotazama kamera ni kama asilimia 5 na nusu ya urefu, kwako karibu 220. Urefu wake kikiwa pembeni unakaribia mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na huo unauona kwenye picha. Mashine hupenda kutoa viatu vidogo vya mwanasesere. Pima, usiamini jicho lako ambalo limeshachoka.

---

Mama_Naomi (Lubumbashi)

Jamani na mimi nisaidieni. Foto ya ndoa yangu, mama mkwe amesimama pembeni, fotografu amemkata kichwa CHOTE. Shingo na shanga tu ndivyo vinaonekana. Kijana wa cyber hapa Kenya amenitolea kichwa, kizuri, kitambaa kimefungwa vizuri, lakini mume wangu akiangalia anasema "huyu ni nani?" Hiyo hesabu ya goti itanisaidia?

(Kenya ya mtaa wetu hapa Lubumbashi, msije mkasema nimehama nchi.)

---

Mzee_wa_Skana

Mama Naomi, pole. Hesabu itakuambia kichwa kiwe kikubwa kiasi gani na kikae wapi. Haiwezi kukuambia sura. Uso usiokuwepo kwenye karatasi, mashine inautunga, na ikiutunga vizuri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu unapata mama mzuri wa watu wengine. Mume wako ameona sawa.

Tafuta picha nyingine ya mama mkwe, ya miaka ile ile kama ipo, uso umegeukia upande huo huo na mwanga unatoka upande huo huo. Kichwa kinahamishwa kutoka pale, kinapimwa, na mashine inaachiwa shingo na pindo la kitambaa tu, zile sentimita chache za kuunganishia.

---

Mama_Naomi

Ipo moja ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, lakini amecheka sana na ametazama kulia.

---

Mzee_wa_Skana

Kwenye ya ndoa shingo imeelekea wapi?

---

Mama_Naomi

Kushoto. 🙈

---

Vichwa8

Unaweza kuigeuza kama kioo?

---

Mzee_wa_Skana

Unaweza, na wengi wanafanya. Lakini uso wa mtu hauko sawa pande mbili, na watoto wake watahisi kitu bila kujua ni kitu gani. Kama ana alama, pengo la jino, au kitambaa kimefungwa fundo upande mmoja, vyote vinahama. Mimi sifanyi mpaka familia ikubali wenyewe. Nyinyi wengine mnaweza kuona tofauti.

---

Lava_Chini (Goma, Majengo)

Naingilia jambo la ardhi. Papa wa Birere, umeangalia mashine imeweka nini chini ya viatu? Nina picha kumi za wateja wa hapa Goma na kila nikipanua chini inaniletea majani mabichi au lami safi. Nyumba ya Goma yenye ua wa majani hivyo ni ya nani? Sisi tunakanyaga mawe meusi. Bibi mmoja aliniambia "hii siyo kwetu" kabla hata hajaangalia uso wa mtu.

---

Studio_Birere

😂 Kweli bwana, mimi nimeletewa vigae vyekundu! Nilikuwa nimekazana na viatu sikuona.

---

Lava_Chini

Toka nje na simu yako, piga ardhi ya mawe mbele ya mlango, simu ikiwa kifuani, jua likitokea upande ule ule wa kwenye picha. Ibandike kwenye ule ukanda wa chini kabla ya kubonyeza, uififishe rangi ifanane na karatasi ya zamani. Halafu chagua eneo la viatu peke yake na utengeneze hapo. Mashine ikiona mawe tayari yapo, inaendelea na mawe.

Na kivuli. Kivuli cha kidevu na cha kola kinakuambia jua liko wapi. Cha miguu lazima kielekee huko huko na kianzie chini ya soli penyewe. Kikiachana na soli hata kidogo, mtu anaelea.

---

Bahati_Nodi (Goma)

Kwa wasio na Photoshop ya kulipia, mimi natumia ComfyUI na modeli ya SDXL kwenye kompyuta ya rafiki. Hesabu ya mzee inaingia moja kwa moja. SDXL inapenda kufanya kazi karibu na 1024 kwa 1024, kwa hiyo picha kubwa hivyo usiitie nzima. Ipunguze hadi robo, upate 592 kwa 888, halafu kwenye nodi ya Pad Image for Outpainting weka:

```
left: 0
top: 64
right: 0
bottom: 216
feathering: 40
```

Hizo 216 ni zile pikseli 857 za mzee, kutoka 3543 hadi 4400, zikigawanywa kwa nne na kuongezwa kidogo. Denoise iwe 1.0 mara ya kwanza kwa sababu ukanda ni mtupu. Ukiona mkao wa miguu ni mzuri, rudi kwenye picha kubwa, kata kisanduku cha 1024 kinachozunguka viatu tu, upitishe tena kwa denoise ya 0.5 hivi, upate kamba na mishono.

Mimi huwa nachora kwanza madoa mawili meusi ya viatu kwa brashi, mabaya kabisa, mahali vinapotakiwa. Nikiwa na madoa naanza na 0.75 badala ya 1.0. Yanafuatwa vizuri kuliko maneno. Nimewahi kuandika neno "viatu" kwa lugha tatu, ikaniletea jozi tatu.

---

Mzee_wa_Skana

Hilo la madoa ni zuri, linafanya kazi hata kwenye Photoshop. Na hilo la kisanduku pia. Kwenye toleo ninalotumia mimi, ukichagua eneo linalozidi pikseli 1024 kwa upande, programu inatengeneza dogo kisha inalikuza, unapata viatu vyenye ukungu. Papa, usipanue ukanda wote wa 2362 kwa mkupuo. Viatu peke yake kwenye kisanduku cha kama 1000, ukishika na kipande cha suruali halisi juu yake, pikseli 80 au 100, ili kiungio kipate mahali pa kuyeyukia. Ardhi ya pembeni baadaye.

---

Studio_Birere

Mbarikiwe wote. Nimefanya hivi: turubai hadi 4400 chini na 250 juu. Mawe nimeyapiga mwenyewe asubuhi. Madoa mawili. Viatu vimetoka jaribio la pili, upana 230, ncha kwenye 4165. Nimecheka peke yangu studioni.

Kichwa: kwanza niliiachia mashine utosi, ikampa nywele nyingi na mstari wa mbele uliochongwa kama ametoka kwa kinyozi jana. Nikachukua kipicha cha karti ya kazi. Nimelinganisha umbali wa mboni mbili, kwenye karti ni 96, kwenye picha kubwa ni 151, nikakikuza mara 1.57, nikabandika kipande cha kuanzia katikati ya paji kwenda juu. Kumbe mzee alikuwa na upara pande mbili! Utosi umetua 94 juu ya ukingo wa zamani. Wewe ulisema 90.

---

Mzee_wa_Skana

Bahati hiyo, siyo mimi. Ila karti ni ya mwaka gani? Upara hauji siku moja.

---

Studio_Birere

Kijana anasema karti ni ya miaka minne hivi baada ya picha.

---

Mzee_wa_Skana

Basi upara umezidi kidogo. Muulize mjane, yeye ndiye alikuwa anakiona kichwa hicho kila siku.

Jambo moja kabla hujachapa. Kuza hadi asilimia 100 na uangalie uso, kisha viatu. Karatasi ya zamani ina chembechembe na ulaini wake. Viatu vikiwa vikali kuliko macho, mtu anajua hata kama hajui anajua nini. Lainisha viatu kidogo, kisha tia chembechembe za ukubwa ule ule. Na ukuta wa 40 kwa 60 unataka upana zaidi: kimo chako sasa ni 4650, upana uwe 3100, yaani kama 370 kila upande. Hapo mashine acha ijaze, ni mawe na ukuta tu. Kwa 60 sentimita utapata karibu nukta 197 kwa inchi, ukutani inatosha.

---

Mama_Vitenge (Bukavu)

Mimi nasoma tu kimya kimya, lakini swali. Picha zangu ni za mama wamevaa kikwembe hadi chini. Goti halionekani, mkunjo hakuna, na wengine wana visigino virefu. Ninapima nini?

---

Mzee_wa_Skana

Kama mkono umeshuka wima, tumia kifundo cha mkono, kiko kwenye asilimia 48.5. Machoni hadi hapo ni asilimia 45.1. Ni kifupi kuliko goti lakini bado ni kirefu kuliko kichwa. Mikono ikiwa imekunjwa au imebeba mtoto, sina njia nzuri. Kisigino ongeza kwa kukisia, na pindo la kikwembe linaficha dhambi nyingi.

---

Vichwa8

Na huyo mtoto aliyebebwa, au anayesimama pembeni? Jedwali lile lile?

---

Mzee_wa_Skana

Hapana! Mtoto wa mwaka mmoja ni kama vichwa vinne. Ukimpimia kwa jedwali la wakubwa unampa miguu ya korongo. Kwa mtoto tafuta picha yake nyingine ya umri huo, au mwache alivyokatwa.

---

Studio_Birere

Nimerudi. Mjane amekuja leo na binti yake. Amekaa, akavaa miwani, akaangalia muda mrefu. Upara: akasema "hapana, wakati ule alikuwa na nywele zaidi hapa", akagusa paji lake upande wa kulia. Nimemrudishia kidogo akiwa amekaa pale pale, akasema basi.

Urefu hakusema neno. Nimemweleza wazi kwamba miguu tumeitengeneza sisi, haikuwa kwenye karatasi. Akajibu anajua, kwa sababu vile viatu siyo vyake. Mashine iliweka vya kamba. Mzee hakuwahi kuvaa viatu vya kamba, alivaa mokasini nyeusi za kuingiza mguu tu, jozi moja miaka na miaka. Hilo nitalibadilisha, ni rahisi.

Halafu akaweka kidole kwenye mguu wa kushoto. Akasema, "Mguu huu ulitazama nje. Alipigwa na pikipiki akiwa kijana." Mimi nimeviweka viatu vyote viwili vimetazama mbele sawasawa.

---

Vichwa8

Angalia mkunjo wa goti la kushoto. Umeelekea wapi?

---

Studio_Birere

Subiri nikuze.

...Umeelekea nje. Na mstari wa pasi wa suruali umezunguka kwenda nje pia, kuanzia gotini. Ulikuwa hapo tangu siku ya kwanza.

---

Mzee_wa_Skana

Na mimi nilikuuliza goti liko pikseli ya ngapi, sikukuuliza linatazama wapi. Futa kiatu cha kushoto peke yake, chora doa jipya limegeuka kufuata mstari wa pasi. Kikigeuka nje, ncha haitashuka sana kama mwenzake, itapanda juu kidogo na kiatu kitaonekana kirefu zaidi kwa pembeni. Usiviweke ncha mstari mmoja.

---

Studio_Birere

Nimeelewa. Umeme umekatika sasa hivi, nikipata nitaweka doa. Binti amesema wanaihitaji Jumamosi.